Rezista Moja Ikibadilika, Volteji Husogea Kiasi Gani?

Yai la kuku likiwekwa kwenye mashine ya kutotolesha yenye feni huhitaji joto la takriban digrii 37.5 za sentigredi kwa muda wa siku 21. Joto likizidi na kukaa juu, vifaranga huanguliwa mapema, na wengine hutoka vitovu vikiwa havijafunga. Likipungua na kukaa chini, wanachelewa na kutoka dhaifu. Kwa hiyo fundi anayejitengenezea mashine hatosheki kujua kwamba ndani mna joto. Anataka kujua jambo dogo zaidi: joto likisogea digrii moja tu, kifaa chake kitaliona?

Mashine nyingi za kujitengenezea hupima joto kwa thamista, punje ndogo yenye miguu miwili ambayo ukinzani wake hushuka kadiri inavyopata joto. Tabia hii inajulikana tangu zamani. Mwaka 1833 Michael Faraday, alipokuwa akichunguza salfaidi ya fedha, aliona kwamba inapitisha umeme vizuri zaidi ikipashwa moto, kinyume cha metali za kawaida. Lakini saketi ndogo kama Arduino Uno haiwezi kusoma ukinzani moja kwa moja. Inasoma volteji. Ndiyo maana thamista hufungwa pamoja na rezista moja ya kawaida, na hizo mbili zikafanya kigawa volteji.

Hapo ndipo uamuzi ulipo. Rezista ya pili iwe ya omu ngapi? Wengi huweka iliyopo mezani, au hunakili mchoro wa mtu mwingine bila kujua kwa nini aliweka hiyo. Jibu limo ndani ya fomula moja fupi, ila fomula yenyewe haitoshi. Tunahitaji kujua inavyoitikia kitu kimoja ndani yake kinapoguswa.

Fungu la kila mmoja

Funga rezista mbili mfululizo kati ya volti 5 na upande wa hasi. Ya juu tuiite R1, ya chini R2. Mkondo unaopita kwenye R1 ndio huohuo unaopita kwenye R2, kwa sababu hauna njia nyingine, na kila rezista hujichukulia volteji kulingana na ukubwa wake. Ukipima pale katikati zinapoungana, utapata fungu la R2:

```
V = 5 × R2 / (R1 + R2)
```

Katika mashine yetu R2 ni thamista na R1 ni rezista isiyobadilika. Thamista iliyo maarufu madukani ni ile ya 10k yenye B ya 3950. Maana yake ni kwamba kwenye digrii 25 ina omu 10,000, na namba ya B ndiyo inayoeleza jinsi inavyoshuka kutoka hapo. Ukipiga hesabu kwa namba hizo, kwenye digrii 37.5 ukinzani wake unafika karibu omu 5,868. Katika eneo hilo unapungua kwa takriban asilimia 4.1 kwa kila digrii, yaani omu 240 hivi. Namba hizi mbili, omu 5,868 na omu 240, ndizo tutakazozibeba hadi mwisho.

Sasa swali limekaa vizuri. R2 ikisogea kwa omu 240, V itasogea kwa milivolti ngapi?

Ongeza kidogo, kisha toa

Anayekumbuka kalkulasi atatumia kanuni ya mgawo na kumaliza kwa mstari mmoja. Lakini hesabu hii inafikika hata kwa aljebra ya sekondari, na ukiipitia hatua kwa hatua utaona kitu ambacho njia ya mkato hukificha.

Tuseme R2 imeongezeka kwa kiasi kidogo, d. Volteji mpya itakuwa 5 × (R2 + d) / (R1 + R2 + d). Kumbuka kwamba d imeingia mahali pawili. Imeongeza fungu la R2, na wakati huohuo imeongeza jumla yote. Ongezeko la juu ya mstari linapandisha volteji, na ongezeko la chini ya mstari linairudisha nyuma kidogo. Ukitoa volteji ya mwanzo kutoka kwenye hii mpya na kurahisisha, sehemu kubwa inafutana, na kinachobaki ni hiki:

```
mabadiliko = 5 × R1 × d / [(R1 + R2) × (R1 + R2 + d)]
```

Mpaka hapa hakuna makadirio. Fomula hii ni kweli tupu, d iwe ndogo au kubwa. Hatua inayofuata ndiyo kiini cha kalkulasi. Kama d ni ndogo sana ikilinganishwa na jumla ya rezista mbili, basi R1 + R2 + d ni karibu sawa na R1 + R2. Tunaiacha d ya chini ya mstari, halafu tunagawa pande zote kwa d ili tupate mabadiliko ya volteji kwa kila omu moja:

```
dV/dR2 = 5 × R1 / (R1 + R2)²
```

Huu ndio mwinamo wa volteji dhidi ya R2. Tukiufanya mchezo uleule kwa R1, tunapata ndugu yake:

```
dV/dR1 = −5 × R2 / (R1 + R2)²
```

Alama ya kutoa inasema kwamba R1 ikiongezeka, volteji ya katikati inashuka. Hilo ni la kawaida, kwa kuwa R1 imejichukulia fungu kubwa zaidi na R2 imebakiwa na dogo.

Hesabu hii unaweza kuijaribu mezani. Chukua rezista mbili za omu 5,600, uzifunge kati ya volti 5 na hasi, upime katikati na uandike namba uliyoisoma. Kisha ongeza rezista ya omu 220 mfululizo na ile ya chini, upime tena. Mwinamo unatabiri ongezeko la milivolti 49.1. Fomula kamili, ile ambayo bado ina d chini ya mstari, inatabiri milivolti 48.2. Tofauti kati ya hizo mbili haifiki milivolti moja, na mita yako itasoma karibu na hapo. Namba ya kwanza yenyewe inaweza isiwe 2.5 kamili, kwa sababu rezista mbili za dukani hazilingani kabisa. Usijali. Tunachokitafuta ni tofauti kati ya vipimo viwili.

Mtego wa kuhesabu kwa omu

Angalia tena mwinamo wa R2. Kama R1 imekwisha kuchaguliwa, sehemu hiyo inakuwa kubwa kuliko zote R2 inapokaribia sifuri. Mtu anaweza kuhitimisha kwamba kigawa volteji huwa kikali zaidi pale rezista ya chini inapokuwa ndogo sana, kwa hiyo atafute thamista yenye omu chache kuliko zote. Hitimisho hilo si sahihi, na hesabu haina kosa. Swali ndilo lililokosewa.

Fomula imejibu kwamba kila omu moja inasogeza volteji kwa kiasi fulani. Lakini thamista haibadiliki kwa idadi ileile ya omu. Inabadilika kwa asilimia. Thamista ya omu 5,868 inasogea omu 240 kwa digrii moja, na thamista ya aina hiyohiyo yenye omu 58.68 ingesogea omu 2.4 tu. Faida ya kuwa na mwinamo mkali kwa kila omu ingemezwa na uchache wa omu zinazosogea.

Kwa hiyo tunageuza swali: R2 ikibadilika kwa asilimia moja, volteji inasogea kiasi gani? Asilimia moja ya R2 ni 0.01 × R2, basi tunazidisha mwinamo kwa R2:

```
mabadiliko kwa kila sehemu ya R2 = 5 × R1 × R2 / (R1 + R2)²
```

Fomula hii ina ulinganifu mzuri. R1 na R2 zimesimama mahali pamoja, na ukizibadilishana hakuna kinachobadilika. Tukiliita fungu la R2, yaani R2 / (R1 + R2), kwa herufi k, basi fungu la R1 ni 1 − k, na fomula nzima inakuwa 5 × k × (1 − k). Mafungu mawili ambayo jumla yake ni moja, yamezidishwa. Zao la namba mbili zenye jumla isiyobadilika huwa kubwa zaidi zinapolingana, na hapo zao ni robo.

Jibu la kwanza limepatikana. Kigawa volteji huona mabadiliko ya thamista vizuri kuliko pengine popote pale R1 inapolingana na R2, na zilingane kwenye joto lile unalotaka kulilinda. Ukinzani ulioandikwa kwenye pakiti ni wa digrii 25, wakati mayai yanakaa kwenye 37.5. Kwa hesabu hii, rezista inayofaa zaidi ni ya omu 5,868, na iliyo karibu nayo dukani ni ya omu 5,600.

Rezista nne, mashine moja

Tuijaribu fomula kwa rezista nne tofauti tukiwa kwenye digrii 37.5. Tutazipima kwa kipimo ambacho Arduino Uno inakifahamu. Kifaa hicho hugawa volti 5 katika hatua 1,024, hivyo hatua moja ni karibu milivolti 4.9. Chochote kilicho chini ya hapo hakikioni.

Kwa rezista ya omu 100,000, volteji inasogea milivolti 10.7 kwa kila digrii, yaani hatua mbili na ushei. Joto litapanda karibu nusu digrii nzima kabla namba kwenye skrini haijabadilika. Hapo fundi atalaumu programu, au atasema thamista imekufa, na kumbe vyote viwili ni vizima. Dalili ya kosa hili ni rahisi kuitambua: namba inakaa palepale kwa muda mrefu, kisha inaruka.

Kwa rezista ya omu 1,000 tunapata milivolti 25.5 kwa digrii, karibu hatua tano. Kwa ile ya omu 10,000 tunapata milivolti 47.7, karibu hatua kumi. Na kwa ile ya omu 5,600 tunapata milivolti 51.1, hatua kumi na nusu. Hata tungepata rezista ya omu 5,868 kamili, tusingepata zaidi ya milivolti 51.2.

Ziangalie hizo mbili za mwisho. Omu 10,000 iko mbali sana na 5,868, karibu mara moja na robo tatu, lakini imepoteza asilimia 7 tu ya ukali. Hii ni kwa sababu kwenye kilele mwinamo wa ukali wenyewe ni sifuri. Ukiondoka hapo hatua chache, huteremki sana. Kilele ni kipana na bapa, na mteremko unaanza kukaza tu unapokwenda mara tano au mara kumi.

Ubapa huo unampa fundi nafasi ya kuangalia mambo mengine kabla ya kuchagua, na jambo la kwanza ni joto la thamista yenyewe.

Kipimo kinachojipasha moto

Umeme unaopita kwenye thamista huipasha. Kwa R1 ya omu 5,600, nguvu inayopotea ndani ya thamista ni karibu miliwati 1.1. Kwa omu 10,000 ni karibu miliwati 0.58, takriban nusu yake. Kwa omu 1,000 inafika miliwati 3.1. Ni kiasi kidogo, lakini thamista yenyewe ni ndogo kama punje ya ulezi au pilipili manga, na kwa nyingi za ukubwa huo miliwati moja au mbili kwenye hewa iliyotulia hutosha kuipandisha digrii nzima juu ya hewa inayoizunguka.

Sasa rezista ya omu 1,000 inaonekana ilivyo. Imepoteza nusu ya ukali na papo hapo imepasha kipimo kuliko nyingine zote. Ile ya omu 5,600 ndiyo kali zaidi, lakini inaweza kusema uongo wa nusu digrii au zaidi. Ile ya omu 10,000 inatoa asilimia 93 ya ukali kwa nusu ya upashaji. Mimi ningechukua hiyo, na ningeichukua kwa sababu ninazoweza kuzionyesha kwenye karatasi, wala si kwa kuwa ndiyo inayojaa kwenye michoro.

Kuna njia ya kujua kama thamista yako inajipasha. Izime kwa dakika chache huku joto la mashine likiwa limetulia, kisha iwashe na usome mara moja. Kama usomaji wa kwanza ni wa ubaridi kidogo, halafu unapanda polepole na kutulia ndani ya nusu dakika hivi, joto hilo la ziada ni la thamista wala si la mayai. Dawa yake ni kuipa umeme pale tu unaposoma, au kuiweka kwenye njia ya upepo wa feni, ambao hubeba joto hilo kabla halijajikusanya.

Asilimia moja ni robo digrii

Mpaka sasa tumemtazama R2. Turudi kwa R1, kwa sababu hata rezista isiyobadilika ina kasoro yake: huenda isiwe na omu zilizoandikwa. Yenye mstari wa rangi ya dhahabu mwishoni inaruhusiwa kupotoka hadi asilimia 5 juu au chini. Yenye mstari wa kahawia mwishoni inaruhusiwa asilimia 1.

Kosa hilo linaharibu kipimo kiasi gani? Chukua mwinamo wa R1 na uuzidishe kwa R1, kama tulivyofanya kwa R2. Utapata 5 × R1 × R2 / (R1 + R2)², namba ileile, ila yenye alama ya kutoa. Asilimia moja ya R1 inasukuma volteji chini kwa nguvu ileile ambayo asilimia moja ya R2 inaisukuma juu.

Hili lina matokeo ambayo watu wengi hawayatarajii. Saketi haiwezi kutofautisha kati ya R1 iliyozidi kwa asilimia 1 na thamista iliyopungua kwa asilimia 1. Na kwa kuwa thamista hupungua asilimia 4.1 kwa digrii, asilimia moja ya R1 ni sawa na digrii 0.24. Rezista ya mstari wa dhahabu, ikiwa kwenye ukingo wa asilimia 5, inaweza kukudanganya kwa zaidi ya digrii 1.2. Kwa mayai hilo ni kosa kubwa.

Tena kosa hilo halitegemei thamani ya R1. Chagua omu 1,000 au 10,000 au 100,000, asilimia moja ya kosa itabaki digrii 0.24. Sababu ni kwamba unapoongeza ukali wa kuona thamista, umeongeza kwa kiasi kilekile ukali wa kuona kasoro ya R1. Uwiano wa hivyo viwili haubadiliki. Kwa hiyo kuna mambo mawili yasiyochanganyika: thamani ya rezista huamua utaona mabadiliko madogo kiasi gani, na usahihi wa rezista huamua kama namba unayoiona ni ya kweli. Mashine inaweza kuonyesha sehemu ya kumi ya digrii bila kutikisika na bado ikawa imekosea kwa digrii nzima.

Volti 5 zenyewe zikishuka hadi 4.8, hilo si tatizo katika saketi hii. Arduino Uno, ikiachwa katika mpangilio wake wa kawaida, hupima kwa kulinganisha na volteji hiyohiyo inayoilisha. Kigawa kikishuka, kipimio nacho kinashuka, na k inabaki palepale. Kosa la rezista halina msaidizi wa namna hiyo.

Dawa ni ama kupima R1 kwa mita nzuri na kuandika omu zake halisi kwenye programu, ama kusahihisha mfumo mzima kwa mara moja. Kwa mashine ya mayai njia ya pili ni bora, kwani inafuta na kasoro ya thamista pia, ambayo mara nyingi ni kubwa kuliko ya rezista. Funga thamista na kipimajoto cha dijitali cha kupimia homa pamoja, ncha zikigusana, ndani ya kikombe cha maji yenye joto karibu na 37.5. Hakikisha miguu ya thamista imezibwa isiguse maji. Koroga, usome vyote viwili kwa wakati mmoja, kisha uingize tofauti kwenye programu. Kipimajoto cha homa kinafaa kwa kazi hii kwa sababu kimetengenezwa kwa ajili ya eneo hilohilo la joto. Koroga vizuri, na anza na maji ya joto kidogo juu ya 37 huku ukikizima na kukiwasha upya kwa kila kipimo, kwa kuwa vingi vya aina hiyo hushikilia namba ya juu waliyoifikia.

Mwinamo unafika wapi

Tulipoiacha d ya chini ya mstari, tulikubali kosa dogo. Sasa tulipime. Fomula kamili inaonyesha kwamba mabadiliko halisi ni yale ya mwinamo, yakizidishwa kwa (R1 + R2) / (R1 + R2 + d). Kwa R1 ya omu 5,600, na d ya omu 240, namba hiyo ni karibu 0.98. Mwinamo umezidisha kwa asilimia mbili, na hilo halimdhuru mtu.

Lakini tuseme mashine ndiyo kwanza imewashwa, nayo iko kwenye digrii 25. Thamista ina omu 10,000, yaani imesogea omu 4,132 kutoka mahali tulipofanyia hesabu. Mwinamo kwa omu utadai kwamba volteji imesogea milivolti 880. Ukweli ni milivolti 647. Anayetumia namba moja ya milivolti kwa omu kuanzia chumba chenye ubaridi hadi kwenye joto la mayai atapotea vibaya.

Kinachofurahisha ni kwamba mwinamo wa milivolti kwa digrii unavumilia zaidi. Milivolti 51.1 mara digrii 12.5 ni karibu milivolti 639, na ukweli ulikuwa 647. Thamista hupinda upande mmoja, kigawa volteji hupinda upande mwingine, na R1 ikiwa karibu na R2, mipindo hiyo miwili inakaribia kufutana. Faida hii nayo ina mwisho. Ukitoka digrii 0 hadi 80 mstari utapinda wazi, na hapo inabidi programu itumie fomula kamili ya thamista.

Kusoma kosa kwa omu

Anayeijua namba ya omu 240 kwa digrii anaweza kuchambua hitilafu bila kubahatisha. Waya mrefu wa kwenda kwenye thamista una omu moja au mbili, ambazo hazifiki hata sehemu ya mia ya digrii. Waache walalamikie waya, wewe usihangaike nao. Lakini kiungo kilichoota kutu, chenye omu 50, kinaongeza R2 na kufanya mashine isome ubaridi wa digrii 0.2 usiokuwepo. Taa ya kupashia itawaka kupita kiasi, na mayai yatapata joto lililozidi.

Unyevu huenda upande wa pili. Ndani ya mashine hewa ina maji mengi, na utando wa unyevu kati ya miguu miwili ya thamista ni rezista iliyofungwa sambamba nayo. Tuseme utando huo una omu 600,000. Inaonekana ni nyingi kiasi cha kutodhuru. Lakini ukizifunga sambamba na 5,868 unapata karibu 5,811, pungufu ya omu 57, na mashine itasoma digrii 0.24 za joto lisilokuwepo. Taa itazimika mapema na mayai yatapoa.

Kwa hiyo namba ikianza kuhama, uliza kwanza imehama kuelekea wapi. Ikionyesha ubaridi kuliko kipimajoto cha pembeni, tafuta ukinzani ulioongezeka kwenye mstari wa thamista: kiungo kilicholegea, mguu uliokatika nusu, risasi isiyoshika. Ikionyesha joto zaidi, tafuta njia ya pembeni ya umeme: unyevu, uchafu, waya zilizochunika. Zidisha tofauti ya digrii kwa 240, nawe utajua ni omu ngapi unazozitafuta kabla hujashika bisibisi.